Ile Nafasi ya Kadi Nyuma ya TV Yako: CAM ni Nini, na Mbona Kadi ya Dekoda Haifungui Chaneli

Geuza TV yako ucheki nyuma ama ubavuni. Kama ni TV ya kiwango cha Ulaya, kuna uwezekano utaona shimo refu jembamba limeandikwa COMMON INTERFACE, ama PCMCIA CARD SLOT, na pengine chini yake 5V ONLY. Wasee wengi huliona siku ya kwanza, wanajiuliza ni la nini, halafu wanalisahau mpaka siku atatokea fundi mtaani na stori tamu: "Buda, hapo unaweka kitu inaitwa CAM, unatoa kadi kwa dekoda unachomeka, na TV yako inashika chaneli zote bila dekoda."

Hiyo stori ina ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inakula ganji yako. Hii hapa ni kazi halisi ya hilo shimo, na jinsi ya kujua kama litakusaidia kabla hujatoa hata bob.

Shimo, CAM na kadi ni vitu vitatu tofauti

Wacha tuanze na majina, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganywa.

Shimo lenyewe linaitwa CI. Halifungui chochote. Ni mlango tu ambao TV inapitishia mawimbi ya chaneli nje yaende yakafunguliwe, halafu yarudi ndani yaonyeshwe kwa skrini.

CAM ndiyo moduli inayoingia kwa hilo shimo. Ni kama kisanduku bapa cha chuma, upana sawa na kadi ya benki, lakini unene ni milimita 5. Upande mmoja ina matundu madogo 68 ambayo yanakutana na pini 68 zilizo ndani ya shimo. Upande wa pili ina mwanya mwembamba.

Smatikadi ndiyo ile kadi yenye chipu ya rangi ya dhahabu. Hii inaingia kwa ule mwanya wa CAM. Haiingii kwa TV moja kwa moja. Na kwa sababu kadi na CAM zina upana sawa, kuna watu wamesukuma kadi tupu ndani ya shimo la TV. Haitafanya kazi, na ukiilazimisha unaweza kupinda pini za ndani. Pini moja ikipinda, hata CAM halali ukija kuinunua baadaye haitasomeka.

Kwa hivyo shikilia hii: kadi ndani ya CAM, CAM ndani ya TV.

Chaneli ya kulipia hufungwa vipi?

Kampuni ya TV ya kulipia haiwezi kuzuia mawimbi yasifike kwa keja yako. Yanapita hewani kwa kila mtu, aliyelipa na asiyelipa. Kwa hivyo wanachofanya ni kuvuruga picha na sauti kwa ufunguo, ili bila huo ufunguo usione kitu.

Huo ufunguo ni mfupi sana, baiti 8 tu. Lakini unabadilishwa kila mara, kwa kawaida baada ya sekunde kama 10. Fikiria landilodi anayebadilisha kufuli ya geti kila sekunde 10, na wapangaji waliolipa ndio pekee wanatupiwa ufunguo mpya kabla ya kufuli kubadilika.

Ufunguo unatumwaje? Unasafiri hewani pamoja na chaneli yenyewe, lakini umefichwa ndani ya ujumbe unaoitwa ECM. Kila mtu anaupokea huo ujumbe. Anayeweza kuufungua ni chipu iliyo kwa smatikadi pekee. CAM inachukua ECM, inaipa kadi, kadi inaangalia kama una haki ya hiyo chaneli, na kama unayo inarudisha ufunguo. CAM inautumia kunyoosha picha, halafu inairudishia TV.

Na kadi inajuaje umelipa? Hapo kuna ujumbe wa pili, EMM. Ukilipa na M-Pesa, kompyuta ya kampuni inatuma hewani ujumbe wenye namba ya kadi yako ukisema: huyu amelipa pakiti fulani mpaka tarehe fulani. Kadi ikiona namba yake, inaandika hiyo haki ndani ya chipu.

Sasa utaelewa kitu ambacho kila mtu amewahi kulalamikia. Umelipa, mpesa imeingia, lakini skrini bado imekataa. Mara nyingi ni kwa sababu dekoda ilikuwa imezimwa EMM ilipopita, ama haina mawimbi. Ndiyo maana unaambiwa uiwashe, uweke chaneli yao, na uiache. Ujumbe unarudiwa, lakini hauwezi kuingia kwa kitu kimezimwa. Ukiona E48-32 kwa dekoda ya DStv, hiyo ni shida ya mawimbi: dishi, kebo, mvua. Ukiona E16, mawimbi yamefika vizuri ila kadi haijaona haki. Hizo ni shida mbili tofauti, na kumwita fundi wa dishi kwa sababu ya E16 ni kumpa chakula cha bure.

Dekoda unayoijua inafanya haya yote ndani ya boksi moja. CAM ni hiyo sehemu ya kufungua pekee, imetolewa kwa boksi na kuwekwa kwa TV.

Mbona kuna shimo kama hatulitumii?

Kwa sababu hizo TV hazikuundwa na sisi akilini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2002 ilitaka TV zenye skrini inayozidi sentimita 30 ziwe na hilo shimo, ili mteja asilazimike kurundika maboksi chini ya TV. Na huko linafanya kazi kweli. Ujerumani, mtu anaingia dukani ananunua moduli ya HD+ pamoja na kadi yake, anachomeka, na chaneli kama RTL na ProSieben zinatokea kwa HD kupitia setilaiti ya Astra, kwa rimoti moja tu.

Kenya tulichukua njia nyingine. Analojia ilipozimwa 2015, soko lilijengwa juu ya dekoda. GOtv hata haina smatikadi ya kutoa. Chipu yake iko ndani ya dekoda, na ile namba ya IUC iliyobandikwa chini ndiyo jina lake. DStv ina kadi, lakini kadi inafungwa ndoa na dekoda yake: inapotoa ufunguo, inautoa kwa namna ambayo dekoda hiyo pekee inaweza kuusoma. Ukiihamisha kadi kwa CAM, ni kama kuongea Kijaluo kwa msee wa Garissa. Kadi inasomeka, jina linatokea, lakini ufunguo hautoki.

Tuchukue mfano: TV imetoka Ujerumani na CAM yake

Tuseme Brayo wa Umoja ameletewa TV na binamu yake aliyekuwa Ujerumani. Nyuma kuna CAM tayari, imeandikwa freenet TV. Brayo ameingia mtandaoni, ameona vitu viwili vilivyomfanya aruke juu. Moja, freenet TV inatumia antena ya kawaida kwa mfumo wa DVB-T2, na GOtv pia ni DVB-T2. Mbili, freenet TV hufungwa kwa teknolojia ya Irdeto, na GOtv pia ni Irdeto. Kwa hesabu yake, hiyo CAM itafungua GOtv. Si ni kampuni moja?

Anaanza. Anaunganisha antena, anaenda kwa menyu ya TV, anabadilisha nchi kutoka Ujerumani. Kenya haiko kwa orodha, anachagua ile ya mwisho inayomaanisha nchi nyingine. Anatafuta chaneli. Citizen, NTV, KTN na KBC zinaingia zikiwa safi. Hapo hakuna CAM iliyofanya kazi. Hizo ni za bure, hazijafungwa, na TV ya Ujerumani ina kipokezi kinachozielewa.

Kwenye orodha pia kunatokea majina ya chaneli za GOtv. Brayo anaona ameomoka. Akibonyeza moja, skrini inabaki nyeusi na maandishi Scrambled.

Sasa anacheki kama shida ni CAM. Anaenda kwa Common Interface kwenye menyu, na huko jina la moduli linatokea vizuri. Hiyo inamwambia jambo la maana: TV inaiona CAM, pini ziko sawa, umeme unafika. Kwa hivyo CAM haijaharibika, na shimo halijaharibika. Shida iko mbele zaidi.

Iko wapi? Kila chaneli iliyofungwa hutangaza namba ya mfumo uliotumika kuifunga. Za Irdeto huanza na 06, lakini zinazofuata hutofautiana. CAM nayo huiambia TV ni namba zipi inaweza kushughulikia. Zisipolingana, TV haipati hata mahali pa kuanzia.

Na hata kama zingelingana, bado. Irdeto ni kama kampuni inayotengeneza kufuli. Nyumba yako na ya jirani zinaweza kuwa na kufuli za aina moja, na ufunguo wako bado usifungue kwake. GOtv wana funguo zao, freenet wana zao. Chipu ya hiyo CAM ilipewa siri za freenet kiwandani. GOtv hawaijui namba yake, kwa hivyo hakuna siku watatuma EMM iliyo na jina lake. Brayo hawezi kwenda kwa wakala aseme nilipie hii, kwa sababu mfumo wao unatambua IUC za dekoda zao pekee.

Hitimisho la kesi: CAM itolewe, iwekwe kwa droo ama irudi Ujerumani. TV yenyewe ni poa sana kwa chaneli za bure, bila boksi lolote. Akitaka GOtv, ananunua dekoda ya GOtv na kuichomeka kwa HDMI.

Kwa hivyo CAM inahitaji nini ili ifanye kazi?

Ukirudi kwa hadithi ya Brayo, utaona kuna milango minne inayofuatana, na wa kwanza ukikataa hakuna haja ya kusukuma wa pili.

Mlango wa kwanza ni kipokezi cha TV yenyewe. CAM hufungua tu chaneli ambazo TV imezishika kwa antena, kebo ama dishi iliyochomekwa moja kwa moja kwake. Chaneli za setilaiti zinataka TV yenye DVB-S2. Na hapa kuna kosa ambalo hurudiwa sana: kitu kinachoingia kwa HDMI hakipiti kwa CAM. Ukiunganisha dekoda kwa HDMI halafu uweke CAM kwa TV, hizo mbili hazikutani kabisa. Vilevile na chochote unachotazama kwa intaneti.

Mlango wa pili ni kizazi cha shimo. Kuna CI ya zamani, na kuna CI+ ambayo ilianza 2008. Tofauti ni hii: kwa CI ya zamani, CAM ikishanyoosha picha inairudisha kwa TV ikiwa wazi, na mtu mwerevu angeweza kuidaka hapo katikati na kuinakili. CI+ iliziba hilo pengo. TV na moduli zinaonyeshana vitambulisho kwanza, halafu picha inafungwa tena katika safari hiyo fupi ya kurudi. Moduli ya CI+ ukiiweka kwa TV ya CI ya zamani haitakufungulia chaneli zilizolindwa. CI+ pia inampa mwenye chaneli uwezo wa kukuwekea masharti. HD+ kwa mfano hukuzuia kurusha mbele matangazo ya biashara kwa kipindi ulichorekodi.

Mlango wa tatu ni mfumo na mwenyewe: CAM iwe ya hiyo kampuni, si ya "aina hiyo" tu.

Mlango wa nne ni haki: kadi ama chipu iwe imesajiliwa na kulipiwa.

Unaichomeka vipi bila kuharibu

Kama una mtu wako Ulaya, ama wewe mwenyewe uko huko na umepewa CAM halali, mchakato ni rahisi. Zima TV kabisa kwa ukuta. Ingiza kadi kwa CAM, chipu ikielekea upande ulioonyeshwa kwa mchoro wa CAM, mpaka ikome. Shika CAM upande wake ulioonyeshwa kwa mchoro wa TV, isukume polepole ikiwa imenyooka. Ikigoma katikati, itoe na uigeuze. Usitumie nguvu. Baadhi ya Samsung za zamani zilikuja na kipande cha plastiki kinachofungwa nyuma kwanza ndipo CAM iingie. Kama ulinunua TV ya mtumba na hicho kipande hakipo, utaona pini ziko wazi tu, na CAM haitakaa.

Washa TV. Mara ya kwanza, moduli ya CI+ inaweza kuchukua dakika kadhaa kusalimiana na TV. Skrini ikisema inasasisha, usizime. Baada ya hapo weka chaneli ya hiyo kampuni na uiache ili EMM iingie.

Isipofanya kazi, soma skrini kwa mpangilio. Menyu ya Common Interface ikisema hakuna moduli, shida ni kati ya CAM na shimo: itoe, angalia pini kwa tochi, irudishe. Ikionyesha jina la moduli lakini inadai kadi, kadi imegeuzwa ama chipu ni chafu. Ipanguse na kitambaa kikavu laini. Ikionyesha moduli na kadi zote lakini chaneli imefungwa, vyuma viko sawa na shida ni haki. Hapo unapigia kampuni, si fundi.

Ile CAM ya "chaneli zote"

Sasa turudi kwa fundi wa mtaa. Anachokuuzia mara nyingi kinategemea mbinu moja. Mahali fulani kuna mtu mwenye kadi halali. Kompyuta yake inachukua zile funguo za kila sekunde 10 na kuzigawa kwa intaneti kwa wateja wake. Boksi lako linazipokea na kufungua picha.

Utaitambua kwa dalili tatu. Inataka intaneti hata kwa chaneli ya dishi. Unalipa mtu, si kampuni, na hakuna namba ya kadi iliyo kwa jina lako. Na picha inaganda kidogo kisha inarudi, kisha inaganda tena, kwa sababu ufunguo ukichelewa hata kidogo kufuli inakuwa imeshabadilika. Bando ikipungua dakika ya 89, wewe ndiwe utasikia goli kwa jirani.

Kampuni ikigundua ile kadi mama, inatuma EMM moja ya kuizima, na kila aliyekuwa nyuma yake anabaki na skrini nyeusi siku hiyo hiyo. Hakuna wa kumlilia, kwa sababu kukwepa ulinzi wa aina hii kunavunja sheria ya hakimiliki ya Kenya. Huwezi kwenda kituoni useme nimeuziwa CAM ya kuiba ikakataa.

Ukienda kununua TV

Usilipie zaidi kwa sababu ya shimo la CI. Kwa Kenya halikupunguzii dekoda ya DStv wala ya GOtv. Kitu cha kuuliza ni kama TV ina DVB-T2. TV nyingi za mtumba za miaka ya kabla ya 2010 kutoka Uingereza zina DVB-T ya kwanza tu, na hiyo haishiki chaneli zetu. Usikubali maneno, mwambie muuzaji aichomeke kwa antena hapo hapo dukani na atafute chaneli. Citizen ikitokea bila boksi, uko sawa. Ikileta sifuri na TV ya kando inashika kwa antena hiyo hiyo, hiyo TV itakulazimu kununua boksi, na bei inafaa ishuke kiasi hicho.

Na muuzaji akikuambia shimo la nyuma ni la kufungua DStv, mwombe aifungue hapo hapo ukiangalia, kwa kadi iliyo kwa jina lake.